Hodi Kabla ya Ngoma: Kupanga Muziki na Sauti Katika Skripti ya Tangazo

Skripti nyingi za matangazo huwa na sentensi moja katika safu ya sauti: "Muziki wenye hisia unaanza na kuendelea hadi mwisho." Mwandishi akishaiandika huona kazi yake imekwisha na yaliyobaki ni ya mtunzi wa muziki na mhariri. Lakini sentensi hiyo haimwambii mtunzi ni hisia gani inayotakiwa, inaanzia wapi, inageukia wapi, wala ni kitu gani cha picha kinachoigeuza. Kwa hiyo prodyuza huingia katika maktaba ya muziki mtandaoni, akaandika neno "furaha", na kurudi na piano na gitaa ambazo zingeweza kuuza bima, maziwa au simu bila kubadilishwa noti hata moja.

Ili jambo hili lieleweke, tuchukue tangazo moja la mfano na kulifuata kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni tangazo la runinga la sekunde 30, la unga wa ngano, na limewekwa katika nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa. Bibi anaamka kabla ya jua, anakanda unga, anaponda iliki, anatia mahamri kwenye karai. Mezani amepanga vikombe sita ingawa nyumbani yuko peke yake. Anatazama simu, haina ujumbe. Mara mlangoni inasikika "Hodi!", wajukuu waliosafiri usiku kucha kutoka Nairobi wanaingia, na nyumba inajaa. Pakiti ya unga inaonekana, tangazo linakwisha.

Hadithi hii ina vituo vinne vya hisia: utulivu wa kazi, matarajio, shaka na furaha. Mwandishi asiye na uzoefu hukimbilia kuweka muziki wa aina nne, mmoja kwa kila kituo, na ndipo tangazo linapoanza kusikika kama redio inayotafutwa stesheni. Katika sekunde 30 sikio la mtazamaji linaweza kupokea badiliko kubwa moja tu la muziki na kulielewa. Mabadiliko madogo yanaweza kuwepo, lakini yawe ndani ya muziki uleule: chombo kimoja kinaongezeka, kingine kinanyamaza. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla ya kufikiria ala yoyote, ni hili: mgeuko wa hadithi uko wapi hasa? Katika tangazo letu mtu anaweza kudhani uko pale mlango unapofunguka. Hauko hapo. Mlango unapofunguka bibi ameshajua. Mgeuko uko katika ile nusu sekunde anayosikia sauti na uso wake haujabadilika bado, na maamuzi mengine yote ya sauti yanapimwa kutoka hapo.

Tukirudi mwanzo, sekunde sita za kwanza haziwekwi muziki wowote. Wateja wengi hupinga jambo hili, kwa kuwa wanaona wamelipia muda na muda huo unapita mtupu, lakini kwa kweli sekunde hizo zimejaa. Kuna mchi unaogonga kinu cha iliki, kuna viganja vinavyokanda unga na kuupiga juu ya kibao, kuna kunguru wa alfajiri ambao kila mkazi wa Mombasa anawajua, na kwa mbali kuna mkokoteni unaopita kichochoroni. Sauti hizi zinafanya kazi mbili kwa pamoja. Zinamweka mtazamaji mahali na saa bila maandishi ya "Mombasa, alfajiri" kwenye kioo, na zinamfanya asogee karibu, kwa sababu katika mfululizo wa matangazo yanayopiga kelele, lile linaloanza kwa mchi na kinu ndilo linalosikika kuwa tofauti.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu adhana. Mwongozaji anayetoka nje ya mji akiambiwa "alfajiri, Mji wa Kale" huitaka mara moja, na ni kweli kwamba mandhari hiyo haitimii bila adhana. Hata hivyo adhana ni wito wa ibada, na kuiweka chini ya bidhaa inayouzwa kutawaudhi watu wale wale tangazo linalowalenga. Lipo pia tatizo la ndani ya hadithi: katika nyumba nyingi za pwani muziki huzimwa adhana inapoanza, kwa hiyo adhana na udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, vikisikika pamoja mtazamaji wa hapa atajua papo hapo kwamba aliyetengeneza tangazo hapajui. Suluhisho ni kuiweka hadithi baada ya swala, mwanga ukianza kutoka, na kuandika hivyo katika skripti ili anayerekodi sauti asilete mkanda wenye adhana kwa nyuma.

Muziki unaingia sekunde ya sita, bibi anapopanga vikombe. Ni udi peke yake, noti chache, nafasi kati ya noti na noti. Sasa inabidi tupige hesabu kidogo, kwa sababu hapa ndipo skripti nyingi zinapoachana na muziki. Mwendo wa muziki hupimwa kwa mapigo katika dakika moja. Kipimo kimoja cha mapigo manne huchukua sekunde 240 zilizogawanywa kwa mwendo wa muziki: mwendo ukiwa 120, kipimo kimoja ni sekunde 2; ukiwa 96, ni sekunde 2.5, ukiwa 80, ni sekunde 3. Tangazo la sekunde 30 kwa mwendo wa 80 lina vipimo kumi kamili. Kwa mwendo wa 100 lingekuwa na vipimo kumi na viwili na nusu, na nusu hiyo ndiyo inayomlazimu mhariri kuukata wimbo katikati ya pumzi au kuufifisha huku pakiti ya unga bado inaonekana.

Mwendo hauchaguliwi kwa hesabu peke yake, lakini. Unaanza kwa vitendo. Mwandishi asimame, aigize skripti yake huku simu inahesabu sekunde: akande, apange vikombe, atazame simu, ageuke. Kazi ya jikoni ya bibi ina mwendo wake wa asili, na mikono inayokanda unga kwa utulivu inakaa vizuri na mapigo ya 80. Ukiweka 120 chini ya mikono ileile, bibi ataonekana amechelewa kazini. Baada ya kupata mwendo unaokubaliana na vitendo, ndipo hesabu inatumika kusogeza vituo vya hadithi kidogo hadi viangukie mwanzoni mwa vipimo. Kwa mwendo wa 80 vituo hivyo ni sekunde ya 3, 6, 9, 12, na kuendelea hivyo. Kwa hiyo udi unaingia ya 6, mahamri yanaingia mafutani ya 9, bibi anatazama simu ya 12, na ya 15 muziki unakatika.

Kukatika huku ndiko kiini cha tangazo lote. Kuanzia sekunde ya 15 hadi ya 18 hakuna muziki, yaani kipimo kimoja kizima kimeachwa wazi. Sikio likishasikia vipimo vitatu vya mwendo mmoja huendelea kuhesabu lenyewe hata muziki ukinyamaza, na kwa hiyo mtazamaji anabaki anasubiri pigo ambalo halijaja, hali ileile aliyo nayo bibi. Kimya kinachoachwa bila kufuata kipimo, tuseme cha sekunde 2.2, hakileti subira hiyo. Kinasikika kama hitilafu ya mitambo. Katika skripti sehemu hiyo inaandikwa hivi:

15.00. Picha: uso wa bibi, kwa karibu. Sauti: udi unakatika, haufifii. Mafuta yanabaki, chini sana.

16.50. Picha: uso uleule. Sauti: "Hodi!", mtoto, nje ya mlango, haonekani.

17.25. Picha: bibi anainua macho. Sauti: "Karibuni!"

18.00. Picha: mlango unafunguka. Sauti: muziki unarudi, udi, ngoma ya dumbak na ganuni, bila mpigo wa kuandaa.

Msomaji ataona kwamba kati ya "Hodi" na "Karibuni" pana robo tatu ya sekunde, na kati ya "Karibuni" na muziki pana robo tatu nyingine. Hilo ni pigo moja kamili kwa mwendo wa 80. "Hodi" limeangukia pigo la tatu la kipimo kilicho kimya, "Karibuni" pigo la nne, na muziki pigo la kwanza la kipimo kinachofuata. Wito na itikio la mlangoni, ambalo kila mtu wa pwani amelijibu tangu utotoni, limefanywa sehemu ya muziki bila mtu kuimba. Mhariri anahitaji kukumbushwa jambo moja tu: mkazo wa "Karibuni" uko kwenye "bu", kwa hiyo silabi hiyo ndiyo ikae kwenye 17.25, na neno lenyewe lianze mapema kidogo. Likianza kwenye pigo badala ya kuangukia pigo, bibi atasikika kama anasitasita kufungua mlango.

Sauti ya mtoto imetangulia picha yake kwa makusudi. Tungeona mlango kwanza, habari ingefika kwa macho na uso wa bibi usingekuwa na kazi tena. Na muziki umechelewa kwa makusudi vilevile. Uso unabadilika kwanza, muziki unafuata. Ukitangulia, hata kwa pigo moja, mtazamaji anaambiwa afurahi kabla hajapewa sababu, na watu huchoka haraka na tangazo linalowavuta mkono. Makosa haya huingia kwa mlango wa nyuma, kwa sababu wapigaji wa dumbak wana mazoea mazuri ya kupiga mpigo mfupi wa kuandaa kabla ya wimbo kupokea, na hata muziki wa kompyuta una ile sauti inayopanda kabla ya kilele. Ndiyo maana skripti imeandika wazi "bila mpigo wa kuandaa". Njia ya kukagua ni rahisi. Mwonyeshe tangazo mtu asiyejua hadithi na umwambie ainue kidole anapohisi mambo yanageuka. Akiinua kabla ya "Hodi", muziki umevujisha siri, na mahali alipoinua ndipo pa kurekebisha.

Sasa, ni muziki gani unaorudi? Jibu la haraka kwa Mombasa ni taarab, na ndilo jibu linalohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kila mdundo wa pwani unakuja na watu wake, saa yake na mahali pake. Chakacha, kwa mfano, ni ngoma ya wanawake, na msikilizaji wa hapa akiisikia anaona harusi, leso na viuno. Kwa unga wa mahamri hilo linafaa, kwani jikoni na harusi ni jirani. Kwa tangazo la benki linaloonyesha mzee akitia sahihi, mdundo huohuo utaleta kicheko ambacho hakuna aliyekikusudia. Taarab ya mipasho nayo ina ukali wake. Ina mtu anayesemwa, na bidhaa ikikaa chini yake mtazamaji ataanza kujiuliza nani anasutwa. Kwa nyumba inayojaa wajukuu tunataka uchangamfu wa chakacha bila umati wa harusi.

Kwa bahati nzuri hesabu yetu inaruhusu. Mapigo ya 80 yanaendelea kama yalivyo, lakini kila pigo ambalo mwanzoni udi uliligawa mara mbili, sasa dumbak inaligawa mara tatu. Mwendo haujabadilika, vituo vya sekunde 18, 21, 24 na 27 viko palepale, ila mwili wa msikilizaji unahisi kuyumba kwa chakacha, ya polepole. Kwa hiyo badiliko kubwa linatokea bila kuvunja chochote kilichopangwa. Udi unaendelea kushika sauti uliyoianza nyumba ilipokuwa tupu, na hilo ndilo linalomfanya mtazamaji ahisi kuwa furaha hii imetoka katika subira ile. Kama muziki wa pili ungekuwa wimbo mwingine kabisa, tungekuwa na matangazo mawili yaliyoshonwa pamoja.

Sauti za jikoni nazo zina tabia zake ambazo mwandishi anapaswa kuzijua kabla ya kupanga maneno. Mafuta yanayokaanga hutoa mchichito uliojaa sauti kali za juu, na hizo ndizo zinazobeba "s", "sh" na "f" katika maneno. Msimulizi akizungumza juu ya karai, maneno yake hupoteza makali hata kama sauti yake iko juu, na fundi wa studio ataongeza sauti ya msimulizi, kisha ya muziki, kisha tena ya msimulizi, mpaka kila kitu kiwe kelele. Ni afadhali tatizo hili litatuliwe kwenye karatasi: mafuta yakisikika, hakuna anayesema, anayesema akianza, mafuta yameshashushwa. Katika tangazo letu msimulizi ana sentensi moja tu, kati ya sekunde ya 24 na ya 27, na kwa muda huo fidla, kama ipo, inyamaze, kwa maana fidla hukaa mahali palepale inapokaa sauti ya mwanamke na vitagombania sikio moja.

Kisha kuna simu. Watu wengi watalitazama tangazo hili kwenye simu, na spika ndogo ya simu haitoi sauti nzito. Dumbak ina mlio mzito wa katikati ya ngozi na mlio mkali wa ukingoni. Kwenye simu wa kwanza hupotea karibu wote na wa pili hubaki. Ikiwa furaha yote ya sekunde ya 18 imewekwa kwenye ngoma nzito, kwenye studio itatikisa viti na kwenye simu haitakuwepo. Ganuni, yenye nyuzi nyingi zinazong'aa, imewekwa katika skripti kwa sababu hiyo, na mahali pake ingeweza kukaa tashkota, chombo chenye asili ya Kijapani chenye nyuzi na vitufe kama vya taipureta, ambacho taarab ya Mombasa imekifanya chake na ambacho hukata kelele yoyote. Mimi huomba kila mchanganyo usikilizwe kwenye simu ya bei nafuu kabla ya kusikilizwa kwenye spika za studio, kwa kuwa ukishaupenda kwenye spika kubwa huwezi tena kuusikia vibaya.

Hatari inayofuata hutokea chumba cha uhariri. Muziki wetu haujarekodiwa bado, mhariri anahitaji kitu cha kukatia picha, basi anaweka wimbo wa taarab unaojulikana kwa muda tu. Mteja anauona mkato huo mara tano, na ya sita anasema anautaka wimbo huohuo. Kwa sheria ya Kenya, kuutumia kunadai ruhusa mbili tofauti: ya mwenye haki ya utunzi, yaani tuni na maneno, na ya mwenye haki ya rekodi yenyewe. Leseni ambayo hoteli au basi hulipia ili kucheza muziki hadharani haihusiani na kuufunga wimbo kwenye picha za tangazo. Wala umri wa wimbo si kinga: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda utunzi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na nyimbo nyingi tunazoziita za zamani bado zimo ndani ya muda huo. Kumwomba mwanamuziki mwingine apige "kitu kinachofanana" ni mlango mwingine wa kesi hiyohiyo.

Njia iliyo salama, na iliyo bora kwa kazi yenyewe, ni kumtafuta mpiga udi siku skripti inapokamilika na kumwomba arekodi kwa simu vipimo vitatu vya mwendo wa 80 juu ya mlio wa kuhesabia, kisha kuvitumia hivyo katika uhariri. Havitakuwa safi, ila vitakuwa na urefu sahihi, kimya kitakuwa mahali pake, na mteja atazipenda noti ambazo zitakuwa zake.

Toleo la redio linahitaji skripti yake peke yake, na hapa ndipo inapoonekana kama sauti zilipangwa kwa akili au zilikuwa pambo la picha. Mafuta yanayokaanga, yakiondolewa picha ya karai, yanasikika kama mvua. Msikilizaji ataona dirisha lenye manyunyu, na "Hodi" litakuwa la mtu aliyeloa. Kwa hiyo mchi na kinu vinatangulia peke yao, vinafuatwa na donge la unga linalopigwa kibaoni, na hamri la kwanza linaingia mafutani kwa sauti kubwa inayoanza ghafla na kupungua, jambo ambalo mvua haifanyi. Vikombe vinasikika vikiwekwa mezani kimoja kimoja, sita kwa hesabu, kwa sababu redioni upweke wa bibi hauonekani usoni na lazima usikike katika idadi ya vikombe visivyo na wanywaji. Kimya cha sekunde 3 nacho kinapunguzwa hadi mapigo mawili, kwa kuwa dereva wa tuktuk anayesikiliza barabarani akipata kimya kirefu huona stesheni imepotea, na mkono wake huenda kwenye kitufe kabla bibi hajasema "Karibuni".